Anapanda boda ama anashuka: 3D au fremu moja moja na LSTM?

Nilikuwa na klipu za stejini hapa Kampala, kila moja fremu 16, swali ni abiria anapanda boda ama anashuka. Nikaanza na njia rahisi, kila fremu inapita ResNet-50, mtandao wa neva uliofunzwa tayari kwa picha, inatoa namba 2048, hizo ndo zinaingia LSTM, mtandao mwingine unaosoma vitu kwa mfuatano. Nyepesi sana, namba unazitoa mara moja unazisevu, LSTM yenyewe hata laptop inaifunza. Shida sasa, zile namba ni wastani wa picha nzima, so mguu uko upande gani inapotea, LSTM inaona tu pikipiki na mtu, pikipiki na mtu. Utajuaje? Cheza klipu kinyumenyume, kupanda kunageuka kushuka, jibu lisipobadilika basi modeli haioni mwendo.

Njia ya pili ni konvolusheni ya 3D, kichujio cha 3×3×3 kinagusa fremu tatu pamoja kabla ya ule wastani, mguu ukisogea inaushika. Ila inakula memori, na klipu zikiwa mia chache inakariri tu, usipoanza na uzito uliofunzwa kwa video utalia. Kwa boda mi nachukua 3D. Ingekuwa kutofautisha mpira na mapishi, wala nisingejisumbua na 3D, picha yenyewe inatosha kujua.