Nimelipa elfu 35 kunyooshewa maelezo yangu ya LinkedIn, uzoefu wangu ndo huu

Mi ni stoo kipa, stoo za dawa, nipo Dar. Nimekaa kwa msambazaji mmoja wa dawa kuanzia 2018 mpaka mwisho wa 2023, saiv niko sehemu ndogo zaidi na natafuta pa kwenda, kwaiyo mwaka jana nikaamua ile LinkedIn yangu niitengeneze maana ilikuwa imekaa tu kama kaburi lisilopaliliwa. Shida yangu kubwa ilikuwa ile sehemu ya `About`, yani yale maelezo ya juu unayojieleza wewe ni nani. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, mwisho nikamtafuta dada mmoja anayefanya kazi ya kuhariri wasifu za watu, tukamalizana wasapu kwa elfu 35, makubaliano ni marekebisho mara mbili ndani ya siku nne. Naeleza yote hapa, mazuri na yaliyonikera, maana kabla ya kulipa nilitafuta sana mtu aliyeeleza hii huduma kwa undani nikakosa.

Kwanza mjue nilimpelekea nini. Kwenye LinkedIn kule niliandika Kingereza ila hapa naweka kwa Kiswahili tuelewane: "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninayejituma, napenda kujifunza vitu vipya, naweza kufanya kazi na timu au peke yangu bila kusimamiwa sana. Natafuta nafasi kwenye kampuni inayokua ili nikuze ujuzi wangu." Halafu ikaendelea hivo hivo mpaka herufi 1,900 na kitu. Ile sehemu inabeba mpaka 2,600 ukihesabu na nafasi, na mi nilikuwa nadhani ukiijaza ndo unaonekana una mambo mengi.

Alichonijibu yule dada wala hakikuwa kuhusu grama. Aliniambia mdogo wangu, chukua hii aya umpe jirani yako yeyote, fundi nguo, dereva, mwalimu, aipesti kwake, itabadilika nini? Nikaisoma tena nikaona kweli, hamna neno hata moja linalosema mi nashika dawa. Alafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukiangalia, nilifungua profaili yangu kwa simu ya mdogo wangu na kilichoonekana ni mistari kama mitatu tu ya mwanzo, yaliyobaki yote yamejificha mpaka mtu abonyeze `see more`. Kwaiyo ile mistari mitatu ambayo mtu wa ajira anaiona bila kubonyeza chochote, mi niliijaza uchapakazi na uaminifu, na sehemu niliyotaja stoo ya dawa ilikuwa huko chini kabisa.

Haya, grama. Hapa alifanya kazi safi na ndo nilikuwa na makosa ya aibu. La kwanza ni nyakati, nimechanganya vibaya mno, kazi niliyoiacha 2023 nimeieleza kama bado nipo, ya sasa nimeiandika kama nimeshaondoka, mtu akisoma hajui nipo wapi. La pili nilikuwa nimeazima sentensi mbili kwenye sampo ya wasifu ya mtu, zenyewe zilikuwa zinasema "ni mtaalamu ambaye ana", alafu sentensi inayofuata "mimi nime", yani ni kama watu wawili wanaongea. Akasema chagua moja, na kwa ile sehemu ukitumia mimi inakaa vizuri kwa sababu pale mtu anategemea kusikia sauti yako, ila kwenye CV ya karatasi huko wengi hawaweki mimi kabisa. La tatu ni vile vijineno vidogo vya Kingereza vinavyotangulia nomino, Kiswahili hatuna, kwaiyo tunaviruka bila kujua au tunavibandika kila mahali. Alinisahihishia 14, nilivihesabu.

Na kuna moja lilinitoa jasho kabisa. Neno meneja kwa Kingereza nilikuwa nimeruka herufi moja, na kwa bahati mbaya lililobaki ni neno halali, maana yake hori la kulishia ng'ombe. Simu haikulipigia mstari mwekundu kwa sababu spelingi iko sawa. Limekaa hapo miaka miwili jamani, nimeomba nalo kazi. Ndo maana aliniambia ukimaliza usiamini ule mstari mwekundu, soma kwa sauti polepole neno kwa neno, na ukiweza anzia sentensi ya mwisho urudi juu, maana ukisoma kwa mtiririko akili inakusomea unachodhani umeandika.

Sasa kwenye kufanya maelezo yasikike ya mtu anayejiamini ndo tulipogongana.

Rasimu ya kwanza iliporudi nilifurahi dakika tano. Imenyooka, Kingereza kimetulia, alafu nikafika mstari wa pili: mtaalamu mbobezi aliyeongoza timu na kupunguza upotevu wa stoku kwa asilimia 40. Nikamuuliza dada hii 40 umeitoa wapi, akasema wengi wanaweka hivo, namba inavutia, utarekebisha. Na hiyo timu ni vibarua wawili niliokuwa nawaelekeza kupanga maboksi siku mzigo ukiingia. Jamani mi kwenye intavyuu nitasema nini mtu akiniuliza 40 ya nini, kutoka ngapi kwenda ngapi, kwa kipindi gani? Mtu wa stoo akikutajia asilimia bila kujua namba zilizo chini yake, mwenzake wa stoo anajua hapo hapo. Nilikasirika na nilimwambia, kwa heshima ila nilimwambia.

Kilichoniokoa ni kwamba nina daftari langu. Tulikuwa na bidhaa 640 kwenye stoo. Hesabu kubwa ya Juni 2021, bidhaa 71 zilikuwa na tofauti, yani kadi inasema hivi, rafu inasema vingine. Juni 2023 zikawa 18, bidhaa ni zile zile 640. Ukipiga hesabu, zilizokuwa sawa zimetoka 569 kwenda 622, kama asilimia 89 kwenda 97. Angalia hapo jinsi namba inavyoweza kuchezewa, maana ukisema tofauti zimepungua kutoka 71 hadi 18 hiyo ni karibu asilimia 75, inasikika kubwa kuliko hata ile 40 ya uongo, wakati hiyo 75 na ile 89 kwenda 97 zimetoka kwenye hesabu ile ile moja. Mi nilichagua 89 kwenda 97 kwa sababu kwenye stoo ndo tunaongea hivo, usahihi wa stoku, na yeyote wa fani yangu ataelewa bila maelezo.

Ila bado nikajiuliza, je ni mimi niliyefanya? Maana katikati hapo 2022 kampuni ilinunua mashine za kusoma msimbo wa bidhaa. Kilichokuwa changu mimi ni kuanzisha hesabu ndogo kila Ijumaa, tunachukua bidhaa 25 tunazihesabu badala ya kusubiri Juni, na ukikuta tofauti unaitafuta ikiwa bado ya moto, risiti zipo, aliyetoa mzigo anakumbuka. Nikamtumia ujumbe msimamizi wangu wa zamani, shikamoo mama, naomba ruhusa nitaje hizi asilimia bila jina la kampuni wala thamani ya mzigo, akanijibu asilimia sawa, shilingi usitaje. Hiyo nayo yule mhariri hakuwa ameniuliza na nadhani ingetakiwa aniulize, kwa sababu namba za stoo ya mtu ni siri ya mwenye stoo.

Nikamrudishia yote hayo, na hapa nampa haki yake, rasimu ya pili aliitengeneza vizuri sana. Mwanzo wake ukawa hivi: "Ninatunza stoo za dawa. Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kilichoandikwa kwenye kadi ndicho kilichopo kwenye rafu, dawa inayokaribia kuisha muda inatoka kwanza, na friji ya insulini inabaki kati ya nyuzi 2 na 8." Hiyo yote inaonekana kabla mtu hajabonyeza kitu. Inayofuata: "Nilianzisha hesabu ndogo za kila Ijumaa. Pamoja na mashine za kusoma msimbo zilizonunuliwa 2022, usahihi wa stoku ulipanda kutoka asilimia 89 hadi 97 kati ya Juni 2021 na Juni 2023." Hamna mbobezi, hamna mchapakazi, lakini nikisoma najisikia mgongo umenyooka.

Alichofanya ni kwenye vitenzi. Mi nilikuwa nimejaa "nilijitahidi", "naamini naweza", "nilihusika katika", akavitoa vyote akaweka nilianzisha, nilihesabu, nilipokea, nilikataa. Hilo nilikataa nililipenda, ni kweli niliwahi kukataa kupokea mzigo ulioletwa bila barafu kwenye boksi lake. Sehemu moja tu nilimwambia "nilisaidia" ibaki, ya ukaguzi wa mamlaka ya dawa, kwa sababu aliyeongoza ni mfamasia na mi nilisaidia kweli. Akaiacha.

Kuna jambo lingine dogo la kumlaumu. Alipamba vichwa kwa zile herufi nene za kutengeneza, maana LinkedIn yenyewe hapo haina kitufe cha kukoza, kwaiyo watu wanachukua alama za ajabu zinazofanana na herufi. Kwenye simu yangu zilitoka vizuri, kwenye simu ya zamani ya mama zikatoka viboksi vitupu. Na asiyeona anayesomewa na simu, ile sauti haizisomi kama maneno ya kawaida. Nikaziondoa mwenyewe, nikaacha aya fupi fupi na mstari mtupu katikati.

Mwisho ikabaki herufi 1,130, zaidi kidogo ya nusu ya nilichokuwa nacho. Ule mstari mfupi wa chini ya jina, wenye herufi 220, haukuwa kwenye bei, alitaka elfu 10 zaidi nikauandika mwenyewe: stoo kipa wa dawa, mnyororo wa baridi, usahihi wa stoku, Dar es Salaam.

Kazi mpya bado sijapata, nisidanganye mtu. Ila nimeitwa intavyuu moja na yule baba aliyenihoji alianzia hapo hapo, akaniambia haya nieleze hiyo Ijumaa yenu ilikuwaje, kwanini 25 na sio 50. Nikamweleza kwamba 25 ndo tulikuwa tunaweza kumaliza kabla ya magari ya saa nne kuanza kupakia, na kwa 25 kila wiki bidhaa zote 640 zinapita ndani ya miezi sita. Tukaongea hilo moja robo saa nzima.

Nampa nyota nne kati ya tano. Grama na vitenzi ana haki ya zote tano, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya ile asilimia 40.