Kukagua sudoku: kupita mara tatu au mara moja?

Njia ya kwanza hupitia gridi mara tatu: safu mlalo, safu wima, kisha visanduku, kila kundi na seti yake. Ya pili husoma kila chumba mara moja, seti 27 zikiwa tayari. Namba ikijirudia katika seti yoyote, gridi ni batili. Kazi iko kwenye kupata kisanduku b cha chumba kilicho safu mlalo r na safu wima c:

```python
b = (r // 3) * 3 + c // 3
```

Ukihesabu kuanzia 0, r=4 na c=7 hutoa 1 × 3 + 2, yaani kisanduku cha 5. Ukisahau hiyo × 3, visanduku tofauti vitatumia seti moja na gridi halali itakataliwa. Mimi hutumia ya pili, ingawa kosa kama hilo hunaswa upesi zaidi katika ya kwanza. Kwa zote, ruka vyumba vitupu vilivyoandikwa kwa nukta: usiporuka, nukta ya pili itahesabiwa kuwa marudio.