Njia za meseji za namba za uthibitisho: zima simu kabla hujalipa

Nilinunua kifurushi cha meseji kwa muuzaji fulani, kwa ajili ya mfumo wa kikundi chetu cha kukopeshana hapa Moshi. Namba yetu ya uthibitisho inaishi dakika 5. Mama mmoja wa Marangu aliipata baada ya dakika 11, na alikuwa ameshaomba nyingine mbili. Kila ombi jipya huifuta namba ya awali, kwa hiyo zilipoanza kuingia, alikuwa anajaza namba iliyokwisha kufa. Muuzaji akanitumia ripoti: zote tatu `DELIVRD`, yaani zimefika, ndani ya sekunde 4.

Neno hilo ndilo la kukagua kabla ya bei. Meseji hutoka kwako, ikapita kwa muuzaji, pengine na kwa muuzaji mwingine nyuma yake, ndipo ifike kituo cha meseji cha mtandao na mwisho kwenye simu. Ripoti ya kweli huja baada ya simu yenyewe kuipokea. Njia mbovu hujiandikia `DELIVRD` pale tu inapomsukumia mwenzake meseji.

Chukua laini za Vodacom, Airtel, Yas na Halotel, zima simu zote, kisha tuma. Ukiona `DELIVRD`, achana naye. Mkweli atakuonyesha `ENROUTE`, yaani bado iko njiani, halafu `EXPIRED`, muda wake umekwisha. Mwambie pia aweke uhai wa meseji uwe dakika 5, isije ikaingia kesho yake simu ikiwashwa.

Sasa washa simu, tuma namba 20 kwa kila laini, asubuhi na jioni, uandike sekunde kwa saa yako mwenyewe. Usikubali wastani. Meseji 18 zikifika kwa sekunde 4 na mbili kwa sekunde 240, wastani ni kama sekunde 28, unapendeza, na huku watu wawili wamekwama. Zipange kuanzia ya haraka, tazama ya 19. Ongeza laini iliyohamishwa mtandao bila kubadili namba, jambo linaloruhusiwa nchini tangu 2017, maana anayechagua njia kwa tarakimu za mwanzo ataipeleka kusiko.

Kwangu ya kwanza ni Beem, muuzaji wa meseji wa Dar es Salaam. Ilifaulu jaribio la simu iliyozimwa kwenye laini zangu zote nne, na sina mpango wa kuhama. Ya pili ni kuunganishwa na kila mtandao moja kwa moja: hakuna mtu wa kati, ila ni mikataba minne na mafundi wa kuitunza, kwa hiyo waachie benki. Vifurushi vya bei ya kutupa vitumie kutangaza mikutano.

Kinachoniuma ni malipo. Wengi hutoza meseji iliyotumwa, si iliyofika. Zile tatu za yule mama nilizilipia zote, na nilipodai nirudishiwe, nilioneshwa `DELIVRD` ileile.