Kisanduku cha "Negative prompt" ni pambo tu

Nimelipia huduma hii ya kutengeneza video na hasira haijaniisha. Kazi yenyewe ndogo: sekunde tano za muuza rolex wa Wandegeya, Kampala, akikunja chapati na mayai. Kibao cha kibanda kinatoka na herufi zisizosomeka, mkono una vidole sita, pembeni imebaki alama ya maji ya kampuni isiyojulikana. Nikajaza kisanduku cha Negative prompt, kile cha kuandika usichotaka kionekane, wapi! Wahudumu wakanijibu, "Ndugu mteja, ongeza maneno." Nikafikisha arobaini. Bure kabisa.

Maneno hayakuwa na kosa. Kosa ni kitufe cha Fast nilichokuwa nimebonyeza. Kwa kawaida, kila hatua ya kuchora video modeli hukisia mara mbili, kisio moja la unachotaka na jingine la usichotaka, halafu:

```
tokeo = hasi + CFG × (chanya − hasi)
```

CFG ni namba inayoamua maneno yako yafuatwe kwa nguvu kiasi gani. Weka CFG 1 uone: hasi inajifuta yenyewe, inabaki chanya. Modeli za haraka, zile za hatua nne hadi nane, kwa kawaida huendeshwa kwa CFG 1, na kisio la pili haliguswi kabisa. Ndiyo maana zina kasi. Kisanduku wamekiacha wazi tu, wewe ujichoshe kuandika.

Kujua kama kiko hai, funga Seed, ile namba ya bahati nasibu inayoanzisha video, ibaki ileile, tengeneza video kikiwa kitupu, kisha rudia ukiandika kitu kikubwa kilichomo, mfano `chapati`. Zangu zilifanana hadi moshi wa kikaango. Maiti!

Nilipohamia Standard, CFG 5, ilichukua muda mrefu zaidi na kula pointi nyingi zaidi, lakini haya yalitosha:

```
text, letters, subtitles, watermark, logo
```

Kibao kikatoka kitupu, alama ya maji ikapotea. Jina la kibanda nikaliweka wakati wa kuhariri, na ndivyo inavyofaa. Usiandike `no text`, kisanduku chenyewe ndicho kinachokataa, ukiongeza "no" unakichanganya. Wala usipandishe CFG hadi 9 kwa pupa, rangi zinaungua na chapati inakuwa ya chungwa.

Vidole vilipungua, havikupona. Mkono ulio mbali na kamera una nukta chache mno za kuchorea vidole vitano, na `deformed hands` haiongezi nukta. Niliposogeza kamera karibu ndipo vikakaa sawa.

Mwanga kuchezacheza? Hapo maneno hayasaidii sana, maana tatizo liko kati ya fremu na fremu, halionekani kwenye fremu moja. Ukiwa ni mwangaza tu unaopanda na kushuka, amri hii ya programu ya ffmpeg inautuliza:

```
ffmpeg -i rolex.mp4 -vf deflicker=size=5 safi.mp4
```

Nilitaka kuwapa nyota moja. Standard yao, kusema kweli, ni nzuri, nikafika tatu. Halafu nikakumbuka lile "ongeza maneno". Moja, mpaka waandike chini ya Fast kwamba kisanduku hakifanyi kazi.