Nimebeti ngumi na MMA miezi 6: raundi ndizo zilizonila

Aplikesheni hii naitumia kwa mapambano tu. Malipo yanafika kwa wakati, hapo sina ugomvi. Tatizo ni kwamba nilichelewa kugundua kuwa pambano moja huuzwa humo kwa bei tatu.

Chukua pambano la MMA la raundi 3 nililobeti mwezi wa pili. Mtu wangu alikuwa na odi ya 1.50 ashinde kwa vyovyote, mpinzani wake 2.60. Gawa 100 kwa kila odi: unapata kama 67 na 38, jumla 105. Hiyo 5 ya juu ni mkato wa kampuni. Ukiutoa, nafasi ya mtu wangu ni kama asilimia 63.

Kwenye njia ya ushindi alipewa 3.00 kwa KO/TKO, 7.00 kwa kumkaba mpinzani mpaka asalimu amri, na 4.00 kwa pointi za majaji. Kwa hesabu ile ile ni 33, 14 na 25, jumla karibu 73. Ukigawa dau kwenye njia zote tatu ili ulipwe sawa yoyote ikitokea, umejitengenezea odi ya 1.38, ilhali 1.50 iko palepale juu! Basi hiyo 3.00 ya KO ina maana pale tu unapoamini kwamba zaidi ya nusu ya ushindi wake huja kwa KO. Mimi nilikuwa naibonyeza kwa sababu namba ni nono.

Raundi ndiyo balaa zaidi. Yeye kumaliza kazi raundi ya 1 ilikuwa 4.00, ya 2 ikawa 6.00, ya 3 ikawa 9.00. Zote kwa pamoja ni sawa na odi ya 1.89. KO na kukaba kwa pamoja ni 2.10. Na ukishuka chini kabisa ya ukurasa kuna chaguo la "ashinde kabla ya majaji", peke yake, kwa 2.20. Jambo lile lile! Sijui kwa nini wamelificha huko.

Kwenye ngumi nilipigwa kwa namna nyingine. Niliweka raundi ya 7, mpinzani akabaki kwenye kiti kengele ya 7 ilipolia. Nikashangilia, kumbe mkeka umechanika: kanuni yao inasema pambano limeishia raundi ya 6. Nilipowaandikia walinijibu kwa kunakili kanuni hiyo. Haikuwa uonevu, maana hata Rigondeaux alipogoma kuendelea mbele ya Lomachenko mwaka 2017 iliandikwa raundi ya 6. Ila kanuni hiyo ilipaswa kuonekana kabla ya kuthibitisha mkeka.

Nawapa nyota 3. Soko la mshindi na lile chaguo la chini ya ukurasa nitaendelea kuyatumia. Raundi nimeachana nazo.