Ukiandikia wateja makala, utoze kwa neno au kwa kazi nzima?

Chukua makala ya maneno 1,000. Mteja wa kwanza analipa shilingi 3 za Kenya kwa neno, yaani 3,000. Kuandika kunachukua saa 3, kwa hiyo unajiona unapata 1,000 kwa saa. Sasa ongeza saa 2 za kuhoji watu kwa simu, 2 za marekebisho na 1 ya ankara na kukumbushana malipo. Jumla saa 8, na kila saa imekulipa 375. Tena mhariri akikata maneno 200, huenda bei ya neno ikahesabiwa kwa yaliyobaki, ilhali kupunguza nako ni kazi.

Mteja wa pili anatoa 5,000 kwa kazi nzima: 625 kwa saa. Hapa hatari ni marekebisho yasiyoisha; yakiongeza saa 4, unashuka hadi karibu 417. Kwa hiyo andika kwenye makubaliano: marekebisho mara mbili, zaidi ya hapo hulipwa kwa saa.

Mimi bei ya neno naikubali kwa mada ninayoijua tu, isiyohitaji mahojiano.