TAHADHARI: Mitandio ya "modali" ambayo ni poliesta tupu

Dada zangu, kuna ukurasa wa Instagramu unaodai duka lake liko Kariakoo, unauza mitandio "ya modali halisi, 180 kwa 75, haitelezi, rangi zote zipo" kwa shilingi 18,000. Usitume hela kabla hujasoma hapa.

Niliagiza miwili, kahawia na kijani cha zeituni. Nilipoifungua tu mkono ukakataa. Modali hutokana na miti, kwa hiyo hunywa maji: dondosha tone, linazama hapo hapo. Kwenye huu wangu tone lilikaa juu likiviringika kama shanga. Ila maji pekee yasikutoshe, maana kuna poliesta iliyotiwa dawa ya kunyonya. Chomoa nyuzi chache pembeni, zishike kwa kibano, uziwashie kiberiti juu ya sinki. Modali inaungua kama karatasi inavyoungua, harufu ile ile, na jivu lake ni laini, linasagika kidoleni. Nyuzi zangu zilijikunja, zikatoa moshi mweusi, zikayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Hiyo ni plastiki, shoga.

Ukiuvaa ndiyo utachoka. Modali ina uzito wake, unaizungusha mara moja inatulia kifuani. Huu umesimama pembeni ya uso, halafu unateleza kwenye kofia ya ndani hadi uongeze pini.

Na urefu? Nimepima kwa futi ya fundi: sentimita 162 kwa 68. Ukifunika kifua vizuri, nyuma hakubaki kitu. Nilipomuuliza muuzaji akajibu eti "unavutika, dada, ukivaa utafika". Huo mtandio ni wa kufumwa kwa nyuzi za kupishana, hauvutiki hata kidogo. Unaovutika ni wa jezi, uliofumwa kwa vitanzi kama fulana. Na hata jezi, vipimo vyake huchukuliwa ikiwa imelazwa mezani, haijavutwa.

Kuhusu kufua ndiyo alijichongea kabisa: "maji ya moto na pasi kali, haina shida". Modali inafuliwa kwa mkono, maji ya baridi, haikamuliwi kwa kusokota, inaanikwa kivulini. Poliesta ukiipiga pasi kali inang'aa au inayeyuka. Kwa hiyo ushauri wake unaharibu vyote viwili! Kile kijani nacho kinatoa rangi. Nilikisugua kwa kitambaa cheupe chenye maji, kikachafuka.

Nilipodai hela yangu akasema mzigo ukishatoka haurudi, kisha akanifungia. Maoni kwenye ukurasa wake ameyazima.

Ukitaka kununua kwa yeyote mtandaoni, mwombe video iliyopigwa juani, futi ikiwa imelazwa juu ya mtandio toka ncha hadi ncha, na tone la maji lidondoshwe hapo hapo. Malipo yawe mzigo ukishafika, nawe uufungue na kuupima bodaboda akiwa bado mlangoni.